Pumba Nyeupe Mashavuni

Mwishoni mwa Julai, siku zile ambazo upepo wa Dodoma hulizoa vumbi barabarani na kulileta mpaka kwenye sahani ya chakula, mdogo wangu alinitumia picha tatu za binti yake. Mtoto ana miaka saba. Shavu la kushoto lilikuwa na mabaka mawili yaliyofifia, na la kulia lilikuwa na moja, karibu na pembe ya mdomo. Lile kubwa lilitoshana na sarafu ya shilingi mia. Chini ya picha aliandika: "Kaka, mwalimu ameniuliza kama mtoto anakula vizuri. Nimeona aibu."

Niliziangalia picha zile kwa muda. Nami nilikuwa na mabaka kama hayo nilipokuwa darasa la pili. Bibi yetu aliyaita mba, jirani akayaita mapunye, na mimi niliyapaka mate kila asubuhi kabla ya kengele, maana yakilowa yalikuwa hayaonekani. Yalirudi kabla ya kipindi cha kwanza kwisha.

Madaktari huyaita pitiriasisi alba. Jina lina kishindo kuliko chenyewe. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki na maana yake ni pumba, hizi hizi zinazobaki kwenye ungo mahindi yakishapepetwa. La pili ni la Kilatini na maana yake ni nyeupe. Ukilikwangua baka taratibu kwa ukucha utaona kwa nini waliliita hivyo: linatoa unga mwembamba, mkavu, kama wa pumba. Sisi tuna neno letu ambalo naliona limekaa vizuri zaidi. Tunasema ngozi imepauka tukimaanisha imekauka, na tunasema khanga imepauka tukimaanisha rangi yake imefifia. Kwenye shavu la mtoto huyu maana zote mbili zimekutana, na mpangilio wake una maana: ukavu ulitangulia, rangi ikafuata. Anayesahau mpangilio huo huanza kuitibu rangi, na hapo ndipo makosa huanzia.

Chanzo chake ni ukurutu hafifu, ndugu mdogo wa ule wa watoto unaowakaa kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Mara nyingi ukiuliza vizuri utakuta mtoto aliwahi kuwa na ukurutu huo, au kuna mtu wa nyumbani mwenye pumu au mafua ya mzio. Baba wa mtoto wetu huyu ana pumu. Ngozi za familia kama hizo haziishiki maji sawasawa; upepo mkavu, jua, maji ya moto na sabuni kali huzimaliza nguvu upesi, na mashavu hayana pa kujificha. Ngozi ikikauka namna hiyo huvimba kidogo ndani kwa ndani. Kwa mtoto wa Kizungu hatua hii ya kwanza huonekana wazi: baka jekundu kidogo, lenye ukingo ulioinuka kwa mbali, linalodumu wiki kadhaa. Kwa mtoto wetu wekundu huo unafunikwa na rangi ya ngozi. Pengine shavu huwa na weusi kidogo, au mama huhisi mkwaruzo akimbusu mtoto, au mtoto hujikuna akiwa amelala. Basi. Hakuna anayelitilia maanani. Tunakuja kushtuka moto umeshazimika, tunakuta majivu.

Majivu hayo ni rangi iliyopungua, na ili kuelewa kwa nini imepungua inabidi tuingie jikoni kwenyewe. Rangi ya ngozi huitwa melanini. Hutengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye sakafu ya tabaka la juu la ngozi, na kila moja ina mikono mirefu ya kuigawa. Seli moja ya rangi huhudumia seli nyingine za ngozi zipatazo 36. Mimi humfikiria kama mama ntilie: yuko mahali pamoja, sufuria yake ni moja, lakini sahani zake zinafika kwa mafundi wa gereji, kwa wenye maduka, hadi kwa mlinzi wa benki. Seli zinazopokea sahani hizo hupanda juu polepole, na baada ya wiki nne hivi hufika usoni pa ngozi na kudondoka. Kwa hiyo kazi ya mama ntilie haikomi, kila siku kuna wateja wapya.

Jambo ambalo wengi hulistaajabia ni kwamba mtu mweusi na mtu mweupe wana akina mama ntilie karibu sawa kwa idadi. Tofauti iko kwenye sahani. Kwa mtu mweusi vifuko vya rangi ni vikubwa, vimejaa, na hutawanywa kimoja kimoja ndani ya seli inayovipokea. Kwa mweupe ni vidogo na vimefungwa kwa mafungu. Sasa kwenye baka la pitiriasisi alba, mama ntilie hajafa wala hajahama. Ametibuliwa na ule uvimbe mdogo uliopita, na sahani zake zimekuwa chache na ndogo. Tofautisha na mbalanga, ambako mama ntilie mwenyewe ametoweka na baka linakuwa jeupe pe kama chokaa. Tofautisha pia na ualbino, ambako yupo mwili mzima, ila tangu kuzaliwa hana kiungo cha kupikia rangi. Kwenye shavu la mtoto huyu jiko lipo, mpishi yupo, chakula ni haba. Ndiyo maana baka hili huwa limefifia tu bila kuwa jeupe kabisa, na ukingo wake haueleweki unaanzia wapi, kama doa la maji kwenye kitambaa.

Hapa ndipo swali la mdogo wangu linapojibiwa, maana baadaye aliniuliza kwa uchungu kidogo: "Mbona hawa watoto wa wafadhili pale shuleni hawana?" Wanayo. Ugonjwa huu hauchagui rangi ya mtu. Lakini tuseme baka limepoteza theluthi moja ya rangi yake. Kwa mtoto aliyekuwa na rangi kidogo tangu mwanzo, theluthi ya kidogo ni kitu kisichoonekana. Ni sawa na kuandika kwa chaki kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kwa mtoto mwenye rangi nyingi, theluthi hiyo hiyo ni pengo unaloliona ukiwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu chaki sasa iko ubaoni. Ongeza na ule unga mkavu juu ya baka, unaotawanya mwanga na kuonekana wa kijivu juu ya ngozi nyeusi, ilhali juu ya ngozi nyeupe haushtui mtu. Wazazi wa Ulaya wenyewe huyaona mabaka haya wakati wa kiangazi, watoto wao wakishakaa juani na mashavu yakakolea rangi isipokuwa mahali pale palipopauka.

Na jua ndilo linalotuchanganya wote. Mama anaona mabaka yamezidi baada ya likizo ya kucheza nje, anasema jua limemchoma mtoto. Kwa kweli baka huenda halijabadilika hata kidogo. Jua limeamuru akina mama ntilie wote wapike zaidi. Wale wa pembeni mwa baka wametii, wa kwenye baka wameshindwa. Ngozi ya jirani imekolea, na pengo limeongezeka bila baka lenyewe kusogea. Siku za mvua na mawingu pengo hupungua, na dawa yoyote uliyokuwa ukiitumia wiki hiyo hupata sifa isiyo yake.

Dawa za minyoo zimejizolea sifa nyingi kwa njia hiyo. Mdogo wangu alianzia hapo, kama alivyoanzia mama yetu kwangu: kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, kutafuna na kumeza. Ni dawa nzuri ya minyoo, na mtoto wa shule kuipata si hasara, lakini minyoo haina uhusiano na mabaka haya. Imani hii hudumu kwa sababu umri wa minyoo ndio umri wa mabaka, na kwa sababu mabaka hatimaye huondoka yenyewe. Mtoto aliyemeza kidonge Machi akawa safi Oktoba, kidonge ndicho kitakachotajwa. Vitamini nazo zina hadithi hiyo hiyo. Mwalimu aliyeuliza kama mtoto anakula hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa anasoma njaa mahali ambapo hakuna njaa.

Kidonge kiliposhindwa, jirani akaleta kopo la mafuta ya Whitfield, akisema ni mapunye. Mafuta haya yana asidi benzoiki asilimia 6 na asidi salisiliki asilimia 3, na kazi yake ni kuumenya utando wa juu wa ngozi pamoja na kuvu aliyekaa humo. Kwenye mguu mgumu wa mtu mzima ni silaha nzuri. Kwenye shavu la mtoto ambalo tayari limekauka ni kama kupaka ndimu kwenye mchubuko. Mtoto alilia usiku wa kwanza. Usiku wa tatu baka lilikuwa limevimba na kuwa jeusi pembeni. Jirani akafurahi, akasema dawa inafanya kazi.

Baada ya hapo likaja kosa kubwa zaidi, nalo lilinunuliwa duka la dawa kwa bei ya soda chache. Lilikuwa bomba dogo la krimu ya mchanganyiko, yenye steroidi kali ya betamethasoni pamoja na dawa ya kuvu na ya bakteria. Muuzaji alimwambia apake mpaka rangi irudi. Kwa siku nne za mwanzo ilionekana muujiza: unga ukaisha, muwasho ukaisha, shavu likawa laini. Steroidi huzima uvimbe kweli. Ila rangi haikurudi, na agizo lilikuwa kupaka mpaka irudi, kwa hiyo akaendelea kwa wiki tano. Steroidi kali ikikaa muda mrefu usoni huinyonya ngozi ikawa nyembamba, hutoa vipele kuzunguka mdomo, na yenyewe hupunguza rangi. Mama anapaka dawa ili kuondoa weupe, na dawa inauongeza, naye akiona umeongezeka anapaka zaidi. Septemba alinitumia picha nyingine na baka la kushoto lilikuwa limekaribia ukubwa mara mbili, lina mng'ao kama karatasi ya sigara. Nilimwambia aache siku hiyo hiyo na ampeleke mtoto kliniki ya ngozi.

Aliyempokea alikuwa afisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, pale KCMC, kwenye kituo kilichoanza mwaka 1992 kufundisha watu wa kazi hii kutoka nchi nyingi za Afrika. Mdogo wangu alinisimulia kila hatua, na nilifurahi kwamba hakuanza na shavu. Baada ya "shikamoo daktari" na "marahaba, mwanangu", alimwomba mtoto avue shati, akatazama mgongo, viwiko, magoti, kichwa kati ya nywele. Nyuma ya magoti alikuta ngozi iliyokomaa na kukwaruza, alama ya ukurutu wa zamani. Kichwani hakukuwa na sehemu iliyonyonyoka nywele, na hilo liliyaweka mbali mapunye, ambayo hupenda kukaa hapo.

Kisha akachukua uzi wa pamba, akaupindapinda ncha. "Fumba macho," akamwambia mtoto, "kila nikikugusa nionyeshe kwa kidole." Aligusa baka, akagusa ngozi nzuri, akagusa baka tena. Mtoto alionyesha kila mara bila kukosea. Kipimo hiki cha senti chache ni cha ukoma, ambao bado upo Tanzania, na ambao kwa mtoto unaweza kuanza kama baka moja lililofifia lisilouma wala kuwasha. Baka la ukoma hupoteza hisia. Lakini usoni kuna mishipa mingi ya fahamu na hisia huweza kubaki hata kama ugonjwa upo, kwa hiyo hakuishia kwenye pamba. Alipapasa mshipa ulio nyuma ya kiwiko na ule wa pembeni ya goti kuona kama imenenepa, akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa ukoma. Hakuna. Mzazi ambaye mtoto wake hasikii mguso kwenye baka asisubiri wiki ipite. Dawa za ukoma hutolewa bure, na zikianza mapema kidole hakipotei.

Baadaye alikwangua unga kidogo ukingoni mwa baka, akauweka kwenye kioo na tone la hidroksidi ya potasiamu, inayoyeyusha seli za ngozi na kuacha nyuzi za kuvu zionekane kwenye hadubini. Hazikuwepo. Mwisho akafunga pazia na kuwasha taa ya Wood, taa ya mwanga wa zambarau iliyobuniwa na mwanafizikia Mmarekani Robert Wood mwaka 1903. Mbalanga chini ya taa hiyo hung'aa kwa weupe wa samawati na mipaka yake hukatika kama imechorwa kwa rula. Mabaka ya mtoto yalibaki yamefifia vile vile, hayana mpaka. Ukweli ni kwamba watoto wengi hawahitaji taa wala hadubini; mtaalamu mwenye jicho hutambua akiwa amekaa. Huyu alipimwa kote kwa sababu krimu ilikuwa imeivuruga sura ya ugonjwa.

Nimetaja jicho, na jicho hufundishwa kwa picha. Vitabu vingi vya tiba vimejaa picha za ngozi nyeupe, na daktari aliyejifunza kutafuta wekundu ataupita ukurutu wa mtoto mweusi bila kuuona. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake wa chuo cha St George's, London, kutoa kitabu kidogo cha dalili za magonjwa zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Alikuwa mwaka wa pili. Walimu wangapi walipita pale kabla yake bila kuliona pengo hilo, sijui niwalaumu au niwacheke.

Mdogo wangu alitoka kliniki na maelekezo ambayo kwanza yalimkatisha tamaa, maana hapakuwa na bomba jipya. Krimu ya mchanganyiko iishie hapo. Mtoto aoge mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika chache. Dodoki lisiguse uso. Sabuni ya mche ibaki kwenye nguo: ngozi ina uasidi kidogo unaoikinga, na sabuni hiyo ni ya kialkali, inaondoa mafuta yote ya asili, usoni maji peke yake yanatosha, au sabuni laini isiyo na manukato. Akitoka bafuni afutwe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka kabisa apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Ndani ya dakika tatu, alisisitiza. Mafuta hayaongezi maji, yanayafungia yaliyomo, na ukichelewa unafungia ukavu. Apakwe tena asubuhi kabla ya shule, safu nyembamba. Kofia ya ukingo mpana ivaliwe mchana, ili ngozi ya pembeni isizidi kukolea.

Kuhusu dawa, alimwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, ile dhaifu, iwe ndani kama akiba. Baka likianza kuwasha au kukwaruza ipakwe kidogo sana kwa siku tano hadi saba, kisha ikome. Likiwa limefifia tu, laini, lisiloleta muwasho, isiguswe. "Mama," alimwambia, "dawa hii inazima moto. Rangi hairudishwi na dawa, inarudishwa na ngozi yenyewe, na ngozi ina kalenda yake."

Kalenda hiyo ndiyo inayowashinda wazazi wengi. Unga huisha ndani ya wiki moja au mbili. Rangi huchukua miezi, mara nyingi kati ya mitatu na kumi na miwili, kwa wengine zaidi. Kumbuka zile wiki nne za seli kupanda: hata mama ntilie akirudi kwenye kazi yake kamili leo, sahani zake za kwanza hazitafika juu kesho, naye harudi kwa siku moja. Mabaka huweza pia kurudi kipupwe kijacho, nayo si dalili kwamba tiba ilishindwa, ni ngozi ile ile na upepo ule ule. Hayaambukizi, hivyo mtoto hana haja ya taulo lake peke yake wala kutengwa dawati. Na hayaachi kovu.

Mwisho wa Septemba mashavu yalikuwa laini. Vile vipele vya kuzunguka mdomo vilivyoletwa na krimu vilichukua mpaka Novemba. Sikukuu ya Krismasi nilipofika Dodoma mabaka bado yalikuwepo, yamefifia vile vile, na shangazi mmoja alitoa ushauri wa majivu na limau mbele ya wageni wote. Mdogo wangu alimjibu, "Asante shangazi," akaenda kuchota chai. Machi, mvua zikiwa zimekolea, mawili madogo hayakuonekana tena.

Juni nilipita tena. Nilimwita mtoto mlangoni penye mwanga, nikamgeuza uso huku na huku kama mnunuzi wa embe, nikashindwa. Nikamwuliza mama yake lile kubwa lilikuwa shavu gani. Alisema la kulia. Mtoto akasema la kushoto. Tulilazimika kutafuta picha kwenye simu.